Alama Moja kwa Swali, Sifuri kwa Jibu

"Ndiyo, daktari. Nimefikiria kujiua."

"Sawa, baba. Na pombe, unakunywa?"

Jibu na swali hilo vilifuatana bila nafasi ya pumzi kati yake. Nilikuwa nimeketi kwenye kona ya chumba nikiwa mtahini wa kituo cha afya ya akili, katika mtihani wa vituo wa wanafunzi wa utabibu wa mwaka wa mwisho, ambapo kila mtahiniwa hupita kituo kimoja baada ya kingine na kupimwa kwa kazi moja katika kila kituo. Mwigizaji aliyekuwa mgonjwa alibaki ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, kama alivyoelekezwa. Mtahiniwa, kijana nadhifu aliyekuwa amemwamkia kwa adabu zote, alikuwa ameshahamia kwenye pombe, kisha sigara, kisha bangi, kisha magonjwa ya akili katika ukoo. Kalamu yangu iliweka tiki kila mahali palipostahili tiki. Kengele ilipolia alikuwa amepata alama 17 kati ya 20.

Wiki kadhaa zimepita na bado nalisikia lile "sawa, baba."

Kisa kilichotumika siku ile kimeshaondolewa kwenye akiba ya maswali, ndiyo maana ninaweza kukieleza hapa kwa undani. Na ikiwa wewe unayesoma una mawazo ya namna hii sasa hivi, tafadhali iache makala hii kwanza, umwambie mtu mmoja aliye karibu nawe, na mwende pamoja kwenye kituo cha afya kilicho jirani. Usikae peke yako.

## Kisa chenyewe

Mgonjwa wa mfano ni mwanamume wa miaka 44, mkulima wa nyanya kutoka kijiji kimoja cha upande wa Ilula, wilayani Kilolo. Amekuja zahanati kwa sababu halali usingizi na tumbo linamuunguza. Msimu uliopita bei ya nyanya iliporomoka wakati shamba lake limeiva lote kwa pamoja. Alikuwa amekopa fedha za mbegu na dawa kwa wakopeshaji wa mtaani, mikopo ile inayoitwa kausha damu, na sasa wanafika nyumbani asubuhi kumdai mbele ya watoto. Mke wake amerudi kwao. Binti yake mkubwa yuko kidato cha pili. Kaka yake anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Dawa za kuulia wadudu zilizobaki msimu uliopita ziko chumbani, chini ya kitanda.

Mtahiniwa anapewa dakika 10. Maelekezo ya mlangoni yanasema tu: mpokee mgonjwa huyu aliyekuja kwa kukosa usingizi, umpime hali yake ya akili, kisha umweleze hatua utakayochukua.

Mwongozo wa usahihishaji niliokabidhiwa ulikuwa na vipengele 20, kila kimoja alama moja. Amejitambulisha. Ameuliza usingizi. Ameuliza hamu ya kula. Ameuliza mawazo ya kujiua. Ameuliza mpango. Ameuliza pombe. Mwishoni kulikuwa na "ametaja kiwango cha hatari" na "ameanzisha dawa ya sonona." Alama ya ufaulu ilikuwa 12.

Mwongozo huo haukuwa na kosa la kitabibu. Kila kilichoorodheshwa kinapaswa kuulizwa. Kilichokosekana ni nafasi yoyote ya kuandika kwamba mgonjwa alijibu, na kwamba jibu lake lilibadilisha kitu.

## Mtahiniwa aliyechelewa

Baadaye asubuhi ileile aliingia binti mmoja mwenye sauti ya chini. Alisalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza usingizi. Mgonjwa akasema maneno yaliyokuwa kwenye maelekezo yake: "Usiku nawaza tu. Wakati mwingine naona bora nisingekuwepo."

Binti yule akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba, umesema bora usingekuwepo. Watu wakifikishwa mahali kama hapo ulipo wewe, wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe umefikiria?"

"Nimefikiria."

"Asante kwa kuniambia. Nieleze, umefikiria nini hasa?"

Kuanzia hapo hakuondoka kwenye mkondo huo. Alijua kwamba dawa za shambani zipo, zipo wapi, na nani mwingine anajua. Alijua kwamba mawazo huja kwa nguvu alfajiri, kabla wadai hawajafika. Alijua kwamba juzi alimweleza kaka yake ng'ombe wawili abaki nao nani, na kwamba kaka hakuelewa maana ya maneno yale. Alimuuliza ni nini kilichomzuia alfajiri ya jana, na mgonjwa akasema alisikia binti yake akichota maji nje. Alikuwa ameanza kuuliza kama kaka anaweza kuitwa aje azichukue zile dawa, kengele ikalia.

Hakuuliza hamu ya kula. Hakuuliza ukoo. Hakutaja kiwango cha hatari wala dawa yoyote. Alipata 11 na akaanguka katika kituo kile.

Kuanguka kituo kimoja si kuanguka mtihani mzima, na matokeo ya siku ile yalibaki kama yalivyo, kwa kuwa huwezi kubadilisha kanuni baada ya mtihani kufanyika. Lakini wakati wa chai nilimuuliza mwigizaji, bila kumtajia alama, ni yupi kati ya wale wote angemrudia kama angekuwa mgonjwa kweli. Alimtaja huyu binti bila kusita. Kuhusu yule kijana wa 17 alisema, "Yule nilimjibu kwa sababu karatasi iliniambia nimjibu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye jopo la watahini kuomba kituo kifumuliwe.

## Kwa nini sikuitupa orodha

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kutaka kuondoa orodha yote na kumwachia mtahini mzoefu atoe hukumu yake. Nililala na wazo hilo, na nilipoamka halikunishawishi tena.

Mtihani wa vituo ulianzishwa na Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, walioueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Walikuwa wanatafuta dawa ya tatizo ambalo kila aliyesoma utabibu miaka ya zamani analijua: mwanafunzi mmoja alipewa mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, mwingine akapewa mgonjwa mgumu na mtahini mwenye chuki na chuo alichotoka. Vituo viliwapa wote mgonjwa yuleyule, muda uleule na vipengele vilevile. Haki hiyo si ndogo. Kama orodha isingekuwapo, yule binti wa sauti ya chini angeweza kuangushwa na mtahini anayependa watu wenye kujiamini, wala asijue kwa nini.

Hata hivyo kasoro ya orodha ilishaonekana zamani. Mwaka 1999 Brian Hodges na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi na madaktari wenye uzoefu katika vituo vya namna hii. Kwa alama za orodha, madaktari wenye uzoefu hawakuwapita wanafunzi. Walipopimwa kwa kipimo cha jumla, yaani mtahini akitathmini mazungumzo yote kwa ujumla wake, uzoefu wao ukaonekana. Mtu anayejua kazi haulizi kila kitu. Anauliza kile ambacho jibu lililotangulia limekifanya kiwe cha lazima. Orodha yenye alama sawa kwa kila swali humwadhibu kwa hilo.

Kwa hiyo kazi ikawa kuitengeneza orodha ili iweze kuona jibu.

## Tulianza na karatasi ya mwigizaji

Nilidhani tungeanza na alama. Mwenzangu mmoja wa jopo, muuguzi aliyefanya kazi wodi ya akili kwa muda mrefu, alituelekeza kwingine. Alisema mtahiniwa hawezi kupimwa kwa ufuatiliaji wa jibu ikiwa jibu linatolewa bure.

Alikuwa na haki. Maelekezo ya zamani yalimwambia mwigizaji akubali mawazo ya kujiua mara tu atakapoulizwa chochote kinachogusa kujidhuru. Nilirudi kwenye maandishi yangu nikaona swali halisi la yule kijana lilikuwa hili: "Hujawahi kuwa na mawazo ya kujidhuru, au siyo?"

Swali hilo limebeba "hapana" ndani yake. Mgonjwa wa kweli, mwanamume wa makamo mbele ya kijana wa umri wa mtoto wake, angeliitikia hiyo "hapana" na mazungumzo yangekwisha pale. Rose McCabe na wenzake huko Uingereza walichambua mazungumzo halisi ya kliniki za akili na kuchapisha matokeo mwaka 2017: maswali mengi kuhusu kujiua yaliulizwa kwa muundo unaotarajia kukanusha, na wagonjwa walioulizwa hivyo walielekea zaidi kukanusha. Si ujinga wa wauliza. Ni hofu ya kusikia "ndiyo."

Karatasi mpya ya mwigizaji ikaandikwa kwa masharti. Mapema katika mazungumzo, mtahiniwa akimwachia nafasi ya kuongea, atasema mara moja tu, "bora nisingekuwepo." Akipuuzwa, hatairudia sentensi hiyo. Akiulizwa kwa kuzungukwa, kwa mfano "una mawazo mabaya?", atajibu "mawazo hayakosekani." Akiulizwa kwa muundo wa kukanusha, atakanusha. Akiulizwa wazi, atakubali. Habari za dawa chini ya kitanda zinatoka kwa anayeuliza amefikiria kufanya nini. Habari za ng'ombe zinatoka kwa anayeuliza kama kuna lolote ameanza kuliandaa au kuliaga. Habari za binti anayechota maji zinatoka kwa anayeuliza nini kimemzuia mpaka leo, na kwa huyo peke yake.

Hapo tuligombana kidogo. Mmoja wetu aliona ni ukatili kwa wanafunzi: mtahiniwa akikosea muundo wa swali moja, mlango mzima unafungwa na anapoteza alama zote zinazofuata. Hoja hiyo ilikuwa nzito, kwa sababu katika mtihani kosa moja halipaswi kuadhibiwa mara sita. Tulikubaliana hivi: mtahiniwa akikanushiwa, mwigizaji ataonyesha dalili moja tu, atatazama chini na kuvuta pumzi ndefu. Anayeigundua na kurudi kuuliza upya kwa uwazi anafunguliwa mlango, tena bila kupunguziwa kitu. Katika zahanati ya kweli pia nafasi ya pili huwapo, kwa anayemtazama mgonjwa badala ya fomu.

## Swali linaloogopwa

Wanafunzi wengi wanaogopa kwamba wakimuuliza mtu kuhusu kujiua watampandikizia wazo hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu wa akili unawaelekeza watoa huduma waulize moja kwa moja, na unasema wazi kwamba kuuliza hakumchochei mtu. Tafiti zilizokusanywa tangu hapo hazijaonyesha madhara ya kuuliza. Baadhi ya wanaoulizwa husema walipata nafuu.

Kwa hiyo alama mbili za swali hili tuliziandika hivi. Mtahiniwa anayetumia neno kujiua, au maneno ambayo mtu wa kijijini hawezi kuyaelewa vingine, kwa muundo usiokanusha, anapata mbili. Anayeuliza "kujidhuru" tu anapata moja, kwa kuwa mtu anaweza kujidhuru bila kutaka kufa, na anaweza kutaka kufa bila kujiona anajidhuru. Anayeuliza kwa kukanusha hapati kitu mpaka arudi.

Baada ya "ndiyo" zinafuata alama tano za kina, na hapo ndipo nilipotaka uzito wa kituo uwe. Kuna umbali mkubwa kati ya mtu anayetamani asiamke kesho na mtu aliyekwisha kuamua namna, mahali na saa. Mtahiniwa anapaswa kuupima umbali huo kwa kuuliza mambo matano: amefikiria kufanya nini, kinachohitajika kiko karibu kiasi gani, mawazo huzidi wakati gani, amekwisha kuandaa au kuaga nini, na nini kimemzuia. Kila jambo linapata nusu alama likiulizwa, na nusu ya pili ikiwa mtahiniwa ameonyesha kwa namna yoyote kwamba amelisikia jibu: swali la kufuatilia, maneno ya mgonjwa yakirudiwa, hata ukimya unaomtazama.

Nusu hiyo ya pili ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mwongozo mpya. Ni nusu alama tu, lakini inamlazimisha mtahini naye ainue macho kwenye karatasi.

Tulikifuta kipengele cha "ametaja kiwango cha hatari." Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kuhusu watu waliojidhuru unakataza kutumia vipimo na madaraja ya hatari kutabiri nani atajiua, au kuamua nani apewe huduma, kwa sababu utabiri huo haufanyi kazi. Kumwita mtu "hatari ya chini" hakumlindi na kesho yake. Badala yake mtahiniwa anaulizwa na mtahini, katika dakika ya mwisho, aseme kwa sentensi mbili nini kinamfanya mgonjwa huyu awe hatarini leo na nini kinaweza kulibadilisha hilo usiku huu. Kwa mkulima wetu jibu zuri linafanana na hili: ana mpango, ana dawa ndani ya chumba anacholala, ameanza kuaga kwa kugawa ng'ombe, na saa yake mbaya ni alfajiri, kaka yuko karibu, na binti yake bado anamvuta.

## Dakika za usalama

Alama tano nyingine zilikwenda kwenye hatua za mwisho, ambazo katika mwongozo wa zamani zilikuwa mbili tu. Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosa maneno. Wanasema "nitampa ushauri nasaha," na wanaishia hapo, kana kwamba ushauri nasaha ni kidonge.

Kwa mgonjwa huyu tulitaka vitendo. Asiachwe peke yake, hata kwa muda wa mtahiniwa kutoka kwenda kumwita mkuu wa zahanati. Kaka aitwe, kwa ridhaa ya mgonjwa. Dawa za shambani ziondoke nyumbani leo, kabla mgonjwa hajarudi, na mtahiniwa aseme nani atazichukua na zitakaa wapi; "ziwekwe mbali" haitoshi. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa siku hiyohiyo akisindikizwa. Na mgonjwa awe amekubaliana na mtahiniwa ni mambo gani atafanya mawazo yakimjia njiani au usiku: nani amgutue, wapi akakae, nani ampigie.

Hili la mwisho lina umbo linalojulikana. Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani waliliandika kwa hatua sita: dalili kwamba hali inaanza, mambo ambayo mtu anaweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wahudumu wa afya, na kuyafanya mazingira yawe salama. Hatukutaka wanafunzi wazikariri. Tulitaka zijazwe na majina. "Nani?" ndilo swali linalotofautisha mpango na hotuba.

Kulikuwa na watahiniwa waliomwambia mgonjwa, "Niahidi kwamba hutajiua." Ahadi hiyo haina ushahidi wa kumlinda mtu, na inaweza kumfanya mgonjwa afiche mawazo yanaporudi ili asionekane amevunja neno. Haina alama. Wengine walimwambia kwamba ni dhambi. Najua linatoka wapi, na sina shaka kwamba walilisema kwa kumwonea huruma. Lakini mtu aliyekwisha kujiona mzigo, ukimwongezea hukumu, anafunga mdomo. Tukaandika kwenye mwongozo kwamba kuuliza imani ya mgonjwa inamsaidiaje kunapata alama katika kipengele cha yanayomshikilia, yaani yanayomfanya aendelee kuishi, na kumhubiria hakupati.

Kuhusu dawa nilikuwa na msimamo mkali kuliko wenzangu. Mtahiniwa mmoja alitangaza kwa fahari kwamba ataanza dawa ya sonona iitwayo amitriptailini na kumpa dawa za mwezi mzima, na mwongozo wa zamani ulimpa alama. Dawa hiyo ni rahisi kupatikana na husaidia wengi, lakini ikimezwa kwa wingi huharibu mapigo ya moyo. Kumkabidhi mtu mwenye mpango wa kujiua furushi la dawa ya namna hiyo ni kumwekea njia ya pili mkononi wakati ndiyo kwanza unahangaika kuiondoa ya kwanza. Tena dawa yoyote ya sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na mgonjwa huyu ana alfajiri ya kesho. Kipengele kimefutwa. Anayesema dawa zitaamuliwa hospitali ya rufaa, au zitolewe za siku chache na zishikwe na kaka, amejibu vizuri.

## "Polisi watanikamata"

Tuliongeza sentensi moja kwenye karatasi ya mwigizaji, na kila mtahiniwa atakutana nayo. Anapoambiwa kuhusu kumwita kaka au kwenda rufaa, mgonjwa anasema: "Naomba usimwambie mtu, daktari. Polisi watanikamata."

Hofu hiyo ina mizizi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kule Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226, kinachofanana na chetu, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwetu kifungu kipo, na watu vijijini wanakijua vizuri kuliko wanavyoijua Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008.

Mtahiniwa afanye nini? Anayesema "usijali, sitamwambia mtu yeyote" amemtuliza mgonjwa kwa ahadi ambayo lazima aivunje baada ya dakika tano. Anayesema "lazima niseme, ni sheria" amempoteza. Jibu tulilolipa alama linakwenda hivi: kuwaza si kosa, na wewe hujafanya kosa kwa kuniambia, sitaitangaza habari yako, ila nitawashirikisha wale wachache wanaohitajika ili uwe salama, na nitakutajia kila mmoja kabla sijaongea naye. Si lazima maneno yawe hayo. Lazima ukweli uwe huo.

## Je, kosa moja limwangushe mtu?

Hapa ndipo jopo lilipokaa muda mrefu kuliko popote, na bado sina utulivu wote.

Hoja ilikuwa hii: mtahiniwa akikusanya alama 14, kisha akamruhusu mgonjwa arudi nyumbani peke yake kwenye dawa zile, je, amefaulu? Moyo wangu unasema hapana. Ningekuwa na ndugu yangu kwenye kiti kile, nisingejali zile 14. Wenzangu walinikumbusha kwamba tunampima mtu kwa dakika 10, akiwa na hofu, katika kituo kimoja kati ya vingi, na kipengele kimoja peke yake ni kipimo dhaifu mno kukabidhiwa hatima ya mtu. Mtahini mmoja anaweza asisikie. Kengele inaweza kulia katikati ya sentensi, kama ilivyolia kwa yule binti.

Tulifikia makubaliano ya katikati. Mtahini anayeona mgonjwa ameachwa bila ulinzi wowote anaweka alama maalumu juu ya karatasi na kueleza kwa maandishi kilichotokea. Karatasi hiyo haiangushi mtu yenyewe. Inakwenda kwa jopo, nalo linamwita mtahiniwa na kumuuliza angefanya nini kama angekuwa na dakika mbili zaidi. Pembeni ya alama 20, mtahini anatoa pia hukumu ya jumla: ameshindwa, yuko mpakani, amefaulu, amefaulu vizuri. Alama ya ufaulu inapatikana kwa kuangalia watahiniwa walioonekana kuwa mpakani wamepata alama ngapi, badala ya 12 iliyopangwa na mtu mezani. Njia hiyo inahitaji watahiniwa wengi. Wakiwa wachache alama huyumba, na chuo chenye darasa dogo kinapaswa kulijua hilo kabla ya kuiamini.

Kwa majaribio tulizisahihisha upya karatasi mbili za siku ile kwa kutumia maandishi yangu. Ukiacha alama za swali, za kina na za usalama, nane zilizobaki ni za kufungua mazungumzo, za historia na za yanayomshikilia. Yule kijana alishuka hadi 8: moja ya kufungua, sifuri ya swali kwa kuwa aliuliza kwa kukanusha, mbili za kina, tatu zote za historia, moja ya yanayomshikilia, moja ya usalama. Yule binti alipanda hadi 15, kwa mpangilio huohuo: tatu, mbili, tano, moja, mbili, na mbili za usalama alizozipata kengele ikimkimbiza. Sitaki kulitumia hilo kama ushahidi, kwa sababu tuliuandika mwongozo tukiwa na hao wawili vichwani, hivyo lazima uwakubali. Ushahidi utakuja kwa watahiniwa tusiowajua.

## Anayekaa kwenye kiti

Mwigizaji anarudia kutaka kufa asubuhi nzima. Hili tulikuwa hatulizungumzi. Sasa kila anayeombwa kuigiza kisa hiki anaulizwa kwanza, faraghani, kama yeye au mtu wake wa karibu amewahi kupitia jambo hili, na anaweza kukataa bila kueleza sababu. Waigizaji wawili wanapokezana. Mwisho wa asubuhi wanakaa na muuguzi, wanavua jina la mgonjwa, wanaitwa kwa majina yao, wanaongea. Wanafunzi nao wanatangaziwa siku ya mafunzo, si siku ya mtihani, kwamba mada hii ipo na kwamba wakiguswa nayo kuna mtu wa kumwona.

Lililobaki ni rufaa. Kituo chetu kinaishia mtahiniwa anaposema "nitampeleka hospitali ya mkoa," na kila aliyefanya kazi zahanati anajua kwamba mgonjwa hupotea hasa baada ya sentensi hiyo. Kwa mtihani ujao tunaandaa kituo cha pili kinachounganishwa na hiki: chumba chenye simu ya mezani, daktari wa zamu upande wa pili, na dakika 5. Mtahiniwa atapaswa kumkabidhi mkulima wetu kwa maneno: ni nani, amesema nini, ana nini nyumbani, nani anamsindikiza, wanatarajiwa kufika saa ngapi. Daktari wa zamu ameelekezwa kusema wodi imejaa, mgonjwa aletwe Jumatatu. Alama nyingi za kituo hicho zitatolewa kwa kile mtahiniwa atakachojibu hapo.